Mbega, Hondohondo na Makuyu Mabivu: Namna ya Kuandika Mazungumzo ya Redio Yanayowafundisha Watoto Kugawana



Walezi wa Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu wameniuliza mara kadhaa namna ya kuandika mazungumzo mafupi ya kuchekesha kati ya wanyama wawili, yatakayosomwa na watoto katika kipindi cha redio, na yenye fundisho juu ya kugawana. Ombi hilo linaonekana jepesi. Nani kati yetu hakulelewa na Sungura na Fisi? Sisi wa rika langu tulikaa pia karibu na redio kusikiliza "Mama na Mwana" ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambamo wanyama walisema kwa ufasaha kuliko majirani zetu. Hata hivyo, mazungumzo niliyoyaandika mimi mara ya kwanza yalikuwa mabaya, na sikujua kuwa ni mabaya mpaka mtoto mmoja aliponifungua macho. Nitaanza na kosa hilo, kwa sababu naliona likirudiwa na wengi wanaoandika kwa nia njema kabisa.

Katika maandishi yale ya kwanza, Fisi alikuwa ametoka soko la Tengeru na kapu la ndizi. Kobe mwenye njaa akamwomba ndizi moja. Fisi akakataa kwa maneno ya kejeli, akajificha kichakani ili ale peke yake, tumbo likamuuma, akajuta, akampa Kobe nusu ya kapu, na wote wawili wakaimba. Tuliyasoma mbele ya watoto wapatao arobaini baada ya Misa ya Dominika. Walicheka sana. Nikawauliza wamejifunza nini, wakaitikia kwa sauti moja: "Tugawane, Baba!" Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Dominika iliyofuata mlezi wao aliwaambia wayaigize wenyewe. Kila mtoto alitaka kuwa Fisi. Hakuna aliyetaka kuwa Kobe, na mvulana mmoja aliyepangiwa nafasi hiyo alikataa katakata. Mlezi alipomuuliza sababu, alijibu kwa sauti ya chini kwamba shuleni yeye ni Kobe kila siku. Ikafahamika baadaye kuwa nyumbani kwao hawakuweza kuchangia uji, na wakati wa mapumziko alikuwa akisimama kando ya wenzake akisubiri mmoja wao amwachie kikombe.

Nilikuwa nimeandika kana kwamba watoto wote wanaosikiliza redio wana kapu la ndizi. Katika nyumba za Sakina, Ngaramtoni, Usa River au Ngarenanyuki, kipindi kilekile kinawafikia watoto wenye ziada na watoto wasio na kitu, pengine katika ua mmoja. Mwenye kapu akisikia habari za Fisi anaambiwa atoe. Asiye na kapu anasikia kwamba sehemu yake katika hadithi ni kuomba, kungoja na kushukuru. Fundisho la kugawana linakuwa kwake fundisho la aibu, na tumemfundisha kwa redio, mbele ya majirani.

Kosa la pili lilihusu kicheko. Fisi ndiye aliyekuwa na maneno matamu yote, na Kobe alikuwa na "naomba" na "asante" tu. Mtoto humfuata yule anayechekesha. Tena, hakuna mtoto anayejiona kuwa ni Fisi. Mchoyo katika hadithi huwa ni mtu mwingine daima, mara nyingi kaka yake. Ukimcheka Fisi, humgusi mchoyo yeyote aliyeketi mbele ya redio.

Kwa hiyo niliyatupa maandishi yale na kuanza upya kwa swali tofauti: asiye na chakula ana nini cha kutoa? Injili haina shida na swali hilo. Katika sura ya sita ya Mtakatifu Yohane, mikate mitano ya shayiri na samaki wawili vinatoka kwa mtoto, wakati watu wazima bado wanapiga hesabu ya fedha. Katika sura ya ishirini na moja ya Mtakatifu Luka, sadaka ambayo Bwana anaiona kubwa kuliko zote ni ya mjane maskini. Askofu Charles de Forbin-Janson alipoanzisha Utoto Mtakatifu mwaka 1843, shabaha ilikuwa kwamba watoto wenyewe wawe watoaji, kwa sala na kwa sarafu ndogo, wala wasiwe wapokeaji tu wa wema wa wakubwa.

Niliwatafuta wanyama hao wapya katika msitu wa Mlima Meru, na nina sababu. Sungura na Fisi wameshahukumiwa kabla hawajafungua midomo. Mtoto anajua mmoja ni mjanja na mwingine ni mlafi, na anaacha kusikiliza. Mnyama ambaye hana sifa mbaya katika ngano hutupa nafasi ya kumfahamu kadiri anavyosema. Aliyepata kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Arusha amewaona mbega, weusi wenye mabega na mikia meupe kama kanzu za watumishi wa altare, wakiruka toka mti hadi mti. Amewaona pia hondohondo wakubwa weusi, wenye kitu kama kofia juu ya mdomo, ambao mabawa yao huvuma hata kabla hujawaona. Wote wawili hupenda mikuyu.

Ukweli wa maumbile yao ulinisaidia kuliko ubunifu wangu. Mbega hula zaidi majani. Tumbo lake limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, na matunda mabivu yenye sukari nyingi humsumbua. Kidole gumba hana. Mahali pake pana kinundu kidogo tu. Naye hondohondo jike, wakati wa kutaga, huingia katika tundu la mti na kuliziba kwa udongo, akiacha ufa mwembamba. Hukaa humo miezi kadhaa na mayai na makinda, na dume humletea matunda aliyoyabeba kooni, akiyatapika moja baada ya jingine na kumpitishia katika ufa huo. Ndege mwenye tabia hiyo hahitaji kufanywa kichekesho. Anachohitaji ni jirani asiyeelewa mambo hayo.

Haya ndiyo maandishi kama yalivyorekodiwa. Kwa saa yangu yalichukua dakika nne kasoro, pamoja na sauti na vituo vya kimya.

(Sauti: Mbega anakoroma taratibu, kisha anajikuna: kwaru, kwaru.)

MBEGA: Mimi Mbega, mwenye mkuyu, nimeukumbatia mkuyu wangu... Aah! Mgongo huu! Unawasha pale katikati, pasipofikika!

(Sauti: mabawa, fuu, fuu, fuu. Kishindo juu ya tawi.)

HONDOHONDO: Hodi, hodi! Bwana Mbega, hodi!

MBEGA: Hodi ya nini, Hondohondo? Umeshatua, tawi limeyumba, nusura nianguke, ndipo unabisha hodi?

HONDOHONDO: Samahani, jirani, nina haraka. Naomba makuyu mabivu. Kumi tu.

MBEGA: Kumi! Na asubuhi ulichukua mangapi?

HONDOHONDO: Kumi.

MBEGA: Na jana?

HONDOHONDO: Kumi... mara saba.

MBEGA: Sabini! Tumbo lako lina mlango wa nyuma?

HONDOHONDO: Mimi siyali.

MBEGA: Nimekuona ukimeza!

HONDOHONDO: Nameza, lakini sili.

MBEGA: (polepole) Anameza, lakini hali. Ndege huyu anaumwa.

HONDOHONDO: Nayabeba kooni, nampelekea mke wangu. Yuko ndani ya mti.

MBEGA: Ndani ya mti? Umemfungia?

HONDOHONDO: Amejifungia mwenyewe. Mlango ameuziba kwa udongo.

MBEGA: Mmegombana?

HONDOHONDO: Hatujagombana! Anaatamia mayai!

(Sauti: kwa mbali, ndani ya debe: ko, ko, ko.)

HONDOHONDO: Unasikia? Anagonga. Ana njaa.

MBEGA: Pole yake. Lakini makuyu haya ni yangu. (Kwaru, kwaru.) Aah, mgongo!

HONDOHONDO: Kwani wewe makuyu mabivu unayala?

MBEGA: Mimi? Hata! Mimi nala majani. Kuyu bivu likiingia humu, tumbo linapiga ngoma siku mbili.

HONDOHONDO: Basi unayalinda ya nini?

MBEGA: Nayalinda kwa sababu... (Kimya.) Nayalinda kwa sababu ni yangu.

HONDOHONDO: Na yale yaliyoanguka chini?

MBEGA: Ni yangu pia. Yanaoza, lakini yanaoza yakiwa yangu.

(Sauti: ko, ko, ko.)

HONDOHONDO: Haya, jirani. Nakwenda kutafuta mti mwingine, ng'ambo ya mto. Kwaheri.

MBEGA: Kwaheri. (Kwaru, kwaru.) Aah! Ooh!

HONDOHONDO: Una nini wewe?

MBEGA: Mgongo! Na mikono yangu haina gumba. Najikuna, nakuna hewa.

HONDOHONDO: (anashusha pumzi) Geuka.

MBEGA: Nini?

HONDOHONDO: Geuka. Mimi nina mdomo mrefu.

MBEGA: Lakini una haraka. Na makuyu sijakupa.

HONDOHONDO: Najua hujanipa. Geuka.

(Sauti: kwaruuu, kwaruuu.)

MBEGA: Aaaah... Juu kidogo... Kushoto... Hapo hapo! Jirani, mdomo gani huo!

HONDOHONDO: Tayari. Nakwenda.

(Sauti: bawa moja, fuu.)

MBEGA: Hondohondo!

HONDOHONDO: Naam?

(Kimya. Sauti: ko... ko... ko, taratibu kuliko mwanzo.)

MBEGA: Kumi yatamtosha kweli? Ngoja nisogee. Tawi hili nimelikalia tangu Jumatatu, hata miguu imekufa ganzi. Haya, pita.

HONDOHONDO: (mdomo umejaa) Ahfante, Bwana Mbefa!

MBEGA: Usiseme na chakula mdomoni!

HONDOHONDO: Fiyo mdomoni, ni kooni!

(Sauti: mabawa yanakwenda mbali. Ko, ko, ko. Kisha kimya.)

MBEGA: Amenyamaza. Anakula. (Kimya.) Hondohondo! Ukirudi... chini ya bega la kulia!

Msomaji ataona kwamba kila mnyama ana kitu na amekosa kitu, na kwamba mapungufu yote mawili yanasikika mapema. Kuwashwa kwa Mbega kunatangulia hata kuja kwa Hondohondo. Bila sentensi ile ya kwanza, Hondohondo angeingia kama Kobe wangu wa zamani.

Neno lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni "Najua hujanipa. Geuka." Katika rasimu iliyotangulia, Hondohondo alisema, "Nikikukuna, utanipa?" Watoto walipenda, lakini ikawa biashara. Watoto wanaokua karibu na masoko yetu wanaifahamu biashara vizuri bila msaada wa padre. Ilibidi mwenye njaa atoe kwanza, akiwa amekwisha kukataliwa, na akiwa na haraka, ili asionekane kulipia makuyu. Gharama yake ni muda, na mgongaji ndani ya mti anatukumbusha kuwa muda huo ni wa thamani. Vilevile, Hondohondo hasemi lolote juu ya wema wake. Angesema neno moja tu kama "mimi si kama wewe", angekuwa Farisayo mwenye mabawa.

Msichana mmoja wa darasa la tano, baada ya kusikiliza, alitoa hoja ambayo iliwanyamazisha walezi wote. Alisema Mbega hajafanya lolote la maana, maana ametoa asichokila. Yuko sahihi, na hapo ndipo mafundisho ya Kanisa yanapoingia kwa undani kuliko tunavyozoea kuwaeleza watoto. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2402, inaeleza kwamba Mungu aliikabidhi dunia na mali zake kwa wanadamu wote. Haki ya mtu kumiliki mali ipo na inalindwa, lakini mmiliki ni msimamizi mbele ya Mungu, na mali yake inapaswa kuwafaa wengine pia. Katika namba 2446 inamrejea Mtakatifu Yohane Krisostomo na kukumbusha kwamba linalodaiwa kwa haki lisitolewe kana kwamba ni zawadi ya upendo. Mtakatifu Basili naye, katika karne ya nne, aliwaambia matajiri wa Kaisaria maneno makali kuhusu mkate uliohodhiwa na nguo zinazoozea sandukuni, kwamba vina wenyewe.

Basi Mbega, anapoachia makuyu yasiyomfaa, ametimiza haki tu. Aliyetenda upendo ni Hondohondo. Sikuyaandika hayo katika maandishi ya redio, wala sishauri mtu ayaandike. Lakini mwandishi ni lazima ayajue, kwa sababu ndiyo yanayoamua nani atoe nini na kwa wakati gani. Ukichanganya mambo haya mawili, utamsifu mtoto kama mtakatifu kwa kumwachia mwenzake penseli ambayo hakuwa akiitumia.

Katekista mmoja aliniomba niongeze sentensi mwishoni: "Watoto wapendwa, na sisi tugawane." Nilikataa, ingawa najua alitaka kusaidia. Sentensi hiyo inamwambia mtoto kwamba kufikiri kumekwisha. Bwana wetu katika mfano wa Baba mwenye huruma hatuelezi kama yule mwana mkubwa hatimaye aliingia ndani au alibaki uani. Anatuacha naye mlangoni. Mbega wetu anamalizia kwa kuomba akunwe tena, jambo ambalo si la kiroho sana, na watoto hubaki wakibishana kama amebadilika au la. Mabishano hayo yaendelee nyumbani, mama akipika.

Sasa niseme machache kuhusu redio yenyewe, kwa sababu maandishi mazuri yanaweza kufa kwa kurekodiwa vibaya. Msikilizaji haoni. Kila tendo lazima lisikike au litajwe na mwingine: tawi limeyumba, mdomo ni mrefu, miguu imekufa ganzi. Majina yatamkwe mapema na yarudiwe, maana wapo wanaowasha redio katikati. Usitumie wasimulizi. Ukijikuta unahitaji msimulizi, ujue kuna tendo ambalo hukulipa sauti.

Sauti mbili zitofautiane kwa kasi na kwa uzito. Mbega wetu alisema taratibu, kwa sauti nzito, na Hondohondo kwa haraka, kwa sauti ya juu. Hapa pana kishawishi ambacho mjini Arusha hakikwepeki: kumpa mnyama mjinga lafudhi ya kabila la jirani. Watoto wataianzisha wenyewe, na watu wazima watacheka. Mlezi aikatae mara moja. Katika jumuiya moja wanasali Wameru, Waarusha, Wachaga, Wairaki na Wamaasai, na mtoto atakayesikia lafudhi ya bibi yake ikiwekwa kinywani mwa mchoyo hatakumbuka lolote kuhusu makuyu. Kigugumizi nacho kisitumike.

Kwa sauti nyingine hatukununua kitu. Mabawa yalikuwa kanga mpya ambayo haijafuliwa, ikikung'utwa karibu na kipaza sauti. Kujikuna kulikuwa brashi ya kufulia juu ya gunia. Mke wa Hondohondo alikuwa mtoto mwenye kijiti na debe, akiwa amesimama hatua sita nyuma ya wenzake, na umbali huo ndio uliomweka ndani ya mti. Tulijaribu kwanza kurekodi kanisani, lakini mwangwi uliyala maneno yote. Tukahamia sakristia, tukaacha kabati la mavazi ya ibada wazi na kutandika blanketi juu ya meza. Kanzu na kasula zilizotundikwa humeza mwangwi vizuri sana. Simu iliwekwa umbali wa shubiri moja toka midomoni, kwa upande kidogo, ili herufi kama "p" na "b" zisipulize. Mvua za masika juu ya bati ziliharibu siku mbili nzima. Mwenye mpango wa kurekodi mwezi Aprili huku mlimani aamke mapema.

Vituo vya kimya visikatwe. Kile kinachofuata "Nayalinda kwa sababu..." kilikuwa cha sekunde mbili kamili, na mtoto aliyekuwa Mbega alikuwa akikiruka kwa woga. Nilimwambia ahesabu moja, mbili, moyoni. Ndani ya sekunde hizo mbili msikilizaji hutafuta sababu pamoja na Mbega na kuikosa pamoja naye. Kicheko kinachofuata ni cha kujigundua, na ndicho nilichokikosa kwa Fisi.

Kabla ya kupeleka kazi redioni, ijaribuni kwa watoto ambao hawajaisikia, wakiwa wamegeuza migongo wasiwaone wasomaji. Msiwaulize wamejifunza nini. Swali hilo huwafundisha kubashiri jibu linalompendeza Baba Paroko, na nimekwisha kusimulia jinsi lilivyonidanganya. Waulizeni kwanza mambo ya wazi: nani alikuwa na nini, na nani alitoa kwanza? Kama hawakumbuki aliyetoa kwanza, kituo cha kati ni dhaifu, kirekebisheni. Kisha waulizeni kesho yake kutakuwaje katika mkuyu ule. Majibu tuliyopata yalitofautiana. Wengine walisema Mbega atakataa tena mpaka akunwe. Wengine walisema atamwita Hondohondo mwenyewe. Mmoja alitaka kujua kama makinda wakitoka watakuja kusalimia. Mwisho, waacheni waigize, na mwangalie nani anataka nafasi ipi, kwa kuwa hapo watoto hawadanganyi.

Kwetu nafasi iliyogombewa kuliko zote ilikuwa ya yule mke, ambaye hasemi neno hata moja, kwa sababu ya debe. Ilibidi mlezi aandike majina na kuwapanga kwa zamu. Yule mvulana aliyekataa kuwa Kobe alichukua nafasi ya Mbega, na aliposhikwa na mwasho wa mgongo alijikuna kwa bidii hata Hondohondo akashindwa kusema kwa kicheko. Tulirekodi mara tatu, na iliyotumwa redioni ni ile ya tatu.